Zip iliyokatika njiani: pima baiti kabla ya kuchoma bando nyingine

*Mimi ni mwalimu wa kompyuta katika shule ya upili karibu na Kakamega. Nahitaji faili moja la zip lenye video za masomo. Tovuti inasema ni 1.85 GB. Mara ya kwanza nilipata kitu cha KB 9 tu. Mara ya pili stima ilipotea likiwa limevuka nusu, Chrome ikakataa kuendelea, nikabadilisha jina nikaondoa .crdownload ili libaki zip. Nikilifungua, Windows inasema faili ni "invalid". Je, limeharibika huko linakotoka, au naweza kuliokoa bila kununua bando nyingine nzima?*

Mwalimu, usilifute hilo faili la pili. Kuna uwezekano mkubwa kwamba karibu kila kilichomo ni kizima na kinachokosekana ni mkia tu. Windows haikuelezi hivyo kwa sababu ya namna zip ilivyoundwa: mkia ukikosekana, faili zima huonekana limekufa.

Ndani ya zip kila video imepangwa peke yake. Kwanza huja kichwa kidogo chenye jina la video, kisha video yenyewe ikiwa imebanwa, kisha kichwa cha video inayofuata, na kadhalika. Orodha kuu inayosema video gani inaanzia wapi huandikwa mwisho kabisa, baada ya video zote. Nyuma ya orodha hiyo kuna kipande cha kufungia ambacho kwa kawaida ni baiti 22 tu, na hicho ndicho programu nyingi hukitafuta kwanza. Windows huanza kusoma zip kutokea nyuma. Isipokiona hicho kipande inakata tamaa papo hapo, hata kama video zote isipokuwa ya mwisho zimefika salama. Kwenye Linux utaambiwa `End-of-central-directory signature not found`. Maana ni ile ile: nimefika mwisho wa faili na sijaona orodha.

Kwa hiyo tusianze na swali la kama faili limeharibika. Tuanze na baiti ngapi zimefika na ngapi zilitakiwa.

Bofya faili kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua `Properties`, usome mstari wa `Size`, si ule wa `Size on disk`. Utaona namba mbili, moja fupi ya gigabaiti na nyingine ndefu ndani ya mabano. Tumia ile ndefu. Ile fupi imewapotosha wengi, kwa sababu tovuti nyingi huhesabu gigabaiti moja kuwa baiti bilioni moja kamili, ilhali Windows huihesabu kuwa baiti 1,073,741,824. Faili ambalo tovuti imeliandika 1.85 GB litaonekana kwenye Windows kuwa 1.72 GB likiwa limekamilika, bila baiti hata moja kupungua. Nimeona watu wakirudia kupakua faili zima kabisa kwa sababu ya tofauti hiyo tu.

Sasa iulize seva yenyewe. Windows 10 kuanzia toleo la 1803, na Windows 11, zinakuja na programu ya curl ndani yake. Fungua PowerShell uandike amri hii, ukiweka anwani halisi ya faili lako mahali pa hii ya mfano. Andika `curl.exe` pamoja na hiyo `.exe`, kwa kuwa PowerShell ya kawaida ikiona `curl` peke yake huita amri nyingine kabisa.

```
curl.exe -sIL "https://example.org/masomo.zip"
```

Amri hii haipakui faili. Inaomba maelezo ya juu tu, kwa hiyo haili bando ya kutajika. Ikiwa anwani inakuelekeza mahali pengine utaona mafungu kadhaa ya majibu. Soma la mwisho. Ndani yake tafuta mistari ya namna hii:

```
HTTP/1.1 200 OK
Accept-Ranges: bytes
Content-Length: 1847320576
ETag: "6e1bd2c0-5f3a"
```

`Content-Length` ni ukubwa kamili kwa baiti. `Accept-Ranges: bytes` ni habari njema, maana yake seva inakubali kukupa sehemu ya faili badala ya lote. `ETag` ni alama ambayo seva inalipatia toleo hili la faili. Ikiwa hakuna, kwa kawaida utaona `Last-Modified` yenye tarehe. Iandike alama hiyo kwenye karatasi, tutaihitaji.

Tuchukue namba zinazoendana na ulivyoeleza. Seva inasema 1,847,320,576. Faili lako la pili lina baiti 1,203,765,248. Zimebaki baiti 643,555,328, yaani kama theluthi moja na ushee. Hilo ni faili lililokatika, na linaponyeka.

Lile la KB 9 ni habari tofauti kabisa, na tulimalize haraka. Hiyo si zip hata kidogo. Lifungue kwa Notepad uone linavyoanza. Zip ya kweli huanza na herufi `PK`, ambazo ni za Phil Katz aliyebuni mfumo huu mwaka 1989. Lako bila shaka linaanza na `<!DOCTYPE html>` au kitu kama hicho: ni ukurasa wa tovuti uliohifadhiwa kwa jina la zip. Huenda ulikuwa ukurasa wa kuingia akaunti, au wa kosa, au ule wa kukutaka ujisajili kwenye Wi-Fi ya mahali ulipokuwa. Hilo futa. Lakini likumbuke, kwa sababu ukurasa wa namna hiyo unaweza pia kuponza kazi ya kuendeleza faili, nami nitakuonyesha jinsi ya kuuzuia.

Kabla hatujaendelea, nikutoe wasiwasi kuhusu mtandao dhaifu. Huku magharibi mvua ya jioni ikianza kupiga, mtandao wa simu huyumba, na watu husema faili "limechafuka" hewani. Kwa anwani ya https hilo ni nadra mno. Kila kipande kinachofika kupitia https hukaguliwa kabla ya kupokelewa, na kikiwa kimebadilika hata kidogo muunganisho hukatwa badala ya kukuandikia takataka. Mtandao mbovu hukata. Kwa kawaida hauchafui. Uchafu huingia kwenye diski yako, kwenye flashi, au pale mahali ambapo upakuaji ulikatika na kuunganishwa upya. Mahali hapo nitapaita mshono, na ndipo penye shida nyingi.

Kwa upande wako mshono una hatari ya ziada kwa sababu kilichokatiza ni stima. Kompyuta inapopakua, baiti za mwisho hukaa kwanza kwenye kumbukumbu, kisha huandikwa diskini baada ya muda. Stima ikipotea katikati, inawezekana diski imeshaandika kwamba faili lina urefu wa baiti 1,203,765,248 huku baiti za mwisho zenyewe hazikuwahi kufika diskini. Sehemu hiyo hubaki imejaa sifuri. Ukiendeleza kutoka hapo, faili litafikia ukubwa sahihi kabisa, orodha ya mwisho itakuwepo, Windows italifungua kwa furaha, na video moja katikati itakwama usijue kwa nini. Hii ndiyo sababu ninashauri kukata mkia kidogo kabla ya kuendeleza. Unapoteza megabaiti chache ili ule mshono uwe juu ya baiti ambazo una hakika nazo.

Weka faili kwenye folda yake, tuseme `C:\Masomo`, utengeneze nakala yake kwanza. Kisha katika PowerShell:

```
$f = [IO.File]::OpenWrite("C:\Masomo\masomo.zip")
$f.SetLength(1180000000)
$f.Close()
```

Andika njia nzima ya faili kama nilivyofanya, usiandike jina tu, la sivyo PowerShell inaweza kwenda kutengeneza faili jipya tupu mahali pengine. Sasa faili lina baiti 1,180,000,000 kamili. Umetupa baiti 23,765,248, yaani kama megabaiti 24. Kasi yako ya kawaida ikiwa kubwa zaidi, kata zaidi. Megabaiti 50 si nyingi ukilinganisha na kuanza upya. Kama kilichokatika kingekuwa mtandao pekee na kompyuta ikabaki inawaka, nisingekushauri ukate chochote.

Jambo moja la kuangalia kabla ya hapo. Haya yote yanadhani kwamba faili lilijazwa kwa mfululizo, kutoka mwanzo kuelekea mwisho, kama Chrome ya kompyuta inavyofanya katika hali ya kawaida. Programu za kuharakisha upakuaji hugawa faili vipande kadhaa na kuvijaza kwa pamoja, na baadhi yao, aria2 kwa mfano, hutenga nafasi yote ya faili tangu mwanzo. Hapo utaona ukubwa kamili dakika ya kwanza ilhali ndani kuna mashimo. Chrome ya simu nayo inaweza kupakua kwa vipande sambamba. Faili la namna hiyo usilikate wala usiliendeleze kwa curl. Liendeleze kwa programu ile ile iliyolianza, ukiacha mahali pake lile faili dogo la kumbukumbu inaloliweka pembeni. Aria2 huliita kwa jina la faili lako na kuongeza `.aria2`.

Kwa kuwa lako lilitoka Chrome ya kompyuta, endelea:

```
cd C:\Masomo
curl.exe -fL -C - -o masomo.zip "https://example.org/masomo.zip"
```

Ile `-C -` inaiambia curl ipime faili lililopo na kuomba kinachofuata tu. Chini kwa chini inatuma ombi la `Range: bytes=1180000000-`, na seva inayoelewa hujibu kwa `206 Partial Content` ikitaja `bytes 1180000000-1847320575/1847320576`. Usishtuke kuona namba ya mwisho imepungua moja; baiti huhesabiwa kuanzia sifuri. Herufi `-f` ndiyo kinga yako dhidi ya ule ukurasa wa KB 9: seva ikijibu kwa kosa, curl itasimama badala ya kuushonea ukurasa huo kwenye mkia wa video zako.

Mtandao ukikatika tena, curl itatoka ikikuambia kuna baiti kadhaa ambazo hazijasomwa. Bonyeza mshale wa juu, kisha Enter, itaendelea palipoishia. Hapa huhitaji kukata mkia tena ikiwa kompyuta haikuzimika. Unaweza kuigawa kazi kwa siku mbili, bando ya usiku leo na nyingine kesho, mradi usilihamishe faili wala kulibadilisha jina. Stima ikipotea tena na kompyuta ikazimika, soma ukubwa mpya, kata, uendelee.

Ukiona kosa namba 33 na maneno `Cannot resume`, maana yake seva haikukubali kutoa sehemu. Wakati mwingine ni kweli seva haiwezi. Lakini mara nyingi ni kwamba anwani uliyonakili ina muda wa kutumika na umekwisha, kwa hiyo badala ya faili umepelekwa kwenye ukurasa wa kawaida, ambao nao hauwezi kukatwa vipande. Rudi kwenye tovuti, bofya kupakua upya, kisha sitisha. Fungua orodha ya vilivyopakuliwa kwenye Chrome kwa `Ctrl+J`, nakili anwani mpya ya kiungo, uitumie kwenye amri ile ile. Curl haijali kwamba anwani imebadilika. Inajali urefu wa faili lililopo tu. Ikiwa tovuti inahitaji uwe umeingia kwenye akaunti, anwani pekee haitatosha, na hapo ni afadhali umwombe anayeisimamia kiungo cha moja kwa moja.

Kutojali huko kwa curl ndiko kunakotuleta kwenye ile `ETag` uliyoiandika. Curl haiulizi kama faili lililoko kwenye seva leo ndilo lile lile la wiki jana. Ikiwa mwenye tovuti amebadilisha video moja na kupakia zip mpya kwa jina lile lile, utapata mwanzo wa toleo la zamani na mwisho wa toleo jipya, na faili hilo halitakuwa sahihi kwa vyovyote. Kwa hiyo kabla ya kuendeleza siku ya pili, rudia ile amri ya `-sIL` ulinganishe `ETag` au `Last-Modified`, na `Content-Length` pia. Zikiwa zimebadilika, kipande ulicho nacho ni cha toleo lililopitwa na wakati. Hapo kuanza upya ndiyo njia pekee. Faili la jana lililokatikia kwenye Chrome hukuliandikia `ETag`, lakini tarehe ya `Last-Modified` itakuambia kama kuna kilichoguswa tangu siku uliyoanza.

Curl ikimaliza, soma `Size` tena. Ikiwa ni 1,847,320,576 umevuka hatua ya kwanza. Ikiwa imezidi, kuna kitu kimeshonewa mkiani. Lakini ukubwa sahihi hautoshi, kwa sababu ya zile sifuri nilizozitaja. Sasa ndipo tunahitaji hashi.

Hashi ni hesabu inayopitia kila baiti ya faili na kutoa alama fupi ya urefu usiobadilika. Ile ya SHA256 ina herufi na tarakimu 64, faili liwe la KB 9 au la gigabaiti mbili. Baiti moja ikibadilika popote, alama yote hubadilika, si sehemu yake tu. Tovuti nyingi zinazotoa mafaili makubwa huweka alama hii karibu na kiungo cha kupakua, au ndani ya faili dogo linaloitwa `SHA256SUMS`. Ipate, kisha:

```
(Get-FileHash C:\Masomo\masomo.zip).Hash -eq "bandika alama ya tovuti hapa"
```

Jibu ni `True` au `False`. Amri hii haijali herufi kubwa na ndogo, na ni salama kuliko kulinganisha kwa macho, ambapo mtu huangalia herufi nne za mwanzo na nne za mwisho kisha akaridhika. Ikiwa alama waliyoiweka ina urefu wa 32, hiyo ni MD5. Ongeza `-Algorithm MD5` baada ya jina la faili, ndani ya mabano. MD5 haifai tena kumzuia mtu anayekusudia kukudanganya, kwani tangu 2004 watafiti walionyesha inawezekana kutengeneza mafaili mawili tofauti yenye alama moja, ila kwa kugundua ajali ya upakuaji bado inafanya kazi.

Tovuti yako isipokuwa na alama yoyote, kuna njia mbili. Ya kwanza, kama kuna mwalimu mwenzako Kisumu au Nakuru ambaye faili hilo hilo linamfanyia kazi, mwombe aendeshe `Get-FileHash` akutumie jibu. Alama 64 zinatosha ndani ya SMS moja. Ya pili imo ndani ya zip yenyewe: kila video huhifadhiwa pamoja na namba yake ya ukaguzi iitwayo CRC-32. Sakinisha 7-Zip, bofya faili kwa kitufe cha kulia, chagua `7-Zip`, kisha `Test archive`. Itafungua kila video bila kuiandika popote na kulinganisha namba. CRC-32 haikupi ulinzi dhidi ya mtu mwenye nia mbaya, lakini kwa mshono mbovu inatosha, tena ina faida ambayo hashi haina: inakutajia jina la video iliyoharibika. Hashi hukuambia kuna tatizo. Haikuambii liko wapi.

Tuseme ulikuwa umeshaendeleza bila kukata mkia, na 7-Zip inasema `CRC Failed` kwa video moja tu. Bado huna sababu ya kupakua upya. Unajua mshono uko wapi: ni pale faili lilipokuwa limefikia lilipokatika, baiti 1,203,765,248. Omba kipande kinachouzunguka mshono huo tu, baiti milioni 30:

```
curl.exe -fL -r 1180000000-1209999999 -o kipande.bin "https://example.org/masomo.zip"
```

Tazama safu ya kwanza ya namba curl inapoanza. Ikionyesha jumla ya takriban megabaiti 28 au 30, seva imeelewa. Ikionyesha gigabaiti, imelipuuza ombi na inakutumia faili lote. Bonyeza `Ctrl+C` upesi. Kipande kikifika, hakikisha kina baiti 30,000,000 kamili, kisha kiweke mahali pake:

```
$b = [IO.File]::ReadAllBytes("C:\Masomo\kipande.bin")
$f = [IO.File]::OpenWrite("C:\Masomo\masomo.zip")
$f.Position = 1180000000
$f.Write($b, 0, $b.Length)
$f.Close()
```

Rudia `Test archive`. Mara nyingi hilo humaliza kazi, na umetumia megabaiti 30 badala ya 1,847.

Na ikiwa bando imeisha leo na kipindi ni kesho asubuhi? Chukua ile nakala uliyoitengeneza kabla ya kukata, uifungue kwa 7-Zip badala ya Windows. Italalamika `Unexpected end of archive`, lakini inajua kufuata vile vichwa vidogo vilivyo mbele ya kila video hata orodha kuu isipokuwepo, kwa hiyo itakuonyesha video zilizofika. Zitoe. Ile ya mwisho itakuwa imekatika, zilizotangulia zitacheza. Kwenye Linux amri ya `zip -FF masomo.zip --out nafuu.zip` inafanya kazi inayofanana na hiyo, ikikutengenezea zip mpya yenye orodha ya vilivyopatikana. Hili linawezekana kwa zip kwa sababu kila faili limebanwa peke yake. Ukikutana na `.tar.gz` iliyokatika, utapata vilivyotangulia mkato huo lakini hakuna cha kurukia baada yake. Na `.7z` iliyokosa mkia, ambayo nayo orodha yake kwa kawaida iko mwishoni, mara nyingi haikupi kitu.

Mwisho ni flashi, kwa kuwa nadhani utalipeleka faili hili kwenye kompyuta za maabara. Faili likiwa limepita ukaguzi kwenye kompyuta yako, linaweza bado kuharibika likinakiliwa. Usichomoe flashi pale dirisha la kunakili linapofungwa tu. Bofya `Eject` usubiri ruhusa. Kisha ichomeke kwenye kompyuta ya maabara na uendeshe `Get-FileHash` pale. Usiifanyie hesabu hiyo kwenye kompyuta ile ile uliyonakilia bila kuichomoa kwanza, maana Windows inaweza kukusomea kutoka kwenye kumbukumbu yake badala ya flashi, ukapata jibu zuri lisilo la kweli. Alama zikitofautiana, nakili tena mara moja. Zikitofautiana tena, shuku flashi yenyewe: zipo zinazouzwa zikiwa zimeandikwa 64 GB na ndani hazifiki hapo, zikipokea kila unachoziwekea bila kulalamika huku zikiandika juu ya vilivyotangulia. Programu ya H2testw kwenye Windows, au f3 kwenye Linux, hujaza flashi yote kisha kuisoma upya, na itakuambia kwa uhakika ina nafasi ya kweli kiasi gani. Itafute nafasi hiyo kabla hujalaumu zip.